Matangazo yanarudi kwenye Chrome? Ununue nini, uache nini

Hapa Goma jibu la kwanza ni moja: peleka mashini Birere, fundi aformati. Shemeji yangu alilipa dola 10. Jioni akafungua Chrome, akaingia na akaunti yake, na ule ukurasa wa kutafutia wa ajabu ukamkaribisha tena. Mashini ya dukani kwake ilikuwa na kiendelezi kinacholeta ukurasa huo, kwa akaunti ileile, na usawazishaji ndio uliokuwa ukikipeleka huku na huku. Kwa hiyo kuformati naiweka nafasi ya tatu.

Ya kwanza ni AdwCleaner, programu ya kufagia vitu vya matangazo, nayo ni ya bure. Haisakinishwi: unaipakua, unaifungua, inatafuta, unafuta. Kampuni ya Malwarebytes iliinunua 2016, kwa hiyo ichukue kwenye tovuti yao tu. Kabla ya kuanza, zima usawazishaji wa viendelezi na mipangilio kwenye kila mashini yenye akaunti yako, safisha zote, ndipo uwashe tena.

Kiendelezi kikirudi hata hivyo, fungua menyu ya Chrome, tazama chini kabisa. Ukikuta «Géré par votre organisation» na mashini ni yako binafsi, andika `chrome://policy` kwenye sehemu ya anwani. Ukiona `ExtensionInstallForcelist`, mchawi ni huyo: amri hiyo inailazimisha Chrome kusakinisha kiendelezi kila inapofunguka, ndiyo maana hata kitufe cha kukiondoa hukioni. Fungua dirisha la amri kama msimamizi, uandike:

```
reg delete "HKLM\SOFTWARE\Policies\Google\Chrome" /f
```

Ikijibu kwamba haikupata kitu, jaribu tena ukiweka `HKCU` mahali pa `HKLM`. Mashini ya kazini usiiguse. Huko mara nyingi amri hizo ni za idara ya kompyuta. Kisha fungua `taskschd.msc`, orodha ya kazi ambazo Windows huziendesha yenyewe, utafute yenye jina la ovyo inayoendesha faili lililo ndani ya `AppData`. Hiyo ndiyo hurudisha kila kitu ukiwasha mashini, hata kama programu yenyewe uliishaitoa. Ifute pamoja na faili lake.

Ya pili ni programu ya Malwarebytes yenyewe, ile ya kulipia. Toleo la bure linasafisha vilevile. Unacholipia ni ulinzi wa muda wote. Kama nyumbani kwako kuna kijana anayeleta programu za kuvunjwa kwenye flashi kila wiki, lipa. Kama hakuna, hela yako nunua mega.

Fundi mwendee tu kama Windows yenyewe imeharibika, na umwambie asiingize akaunti yako.

Ya mwisho kabisa ni zile «safisha kompyuta» zinazojitangaza ndani ya matangazo yenyewe. Mojawapo ilimhesabia shemeji makosa mamia kwenye mashini iliyotoka kuformatiwa, kisha ikaomba kadi ya benki.