Uzoefu Wangu na Mahakama ya Madai Madogo: Deni la Mchele la Shilingi 148,000

Mimi ni muuzaji wa mchele wa jumla nchini Kenya. Mwaka jana nilimkopesha mwenye duka mmoja magunia 40 ya kilo 25, kila moja kwa shilingi 3,700. Baada ya miezi mitano ya ahadi nilimwandikia barua ya kudai nikampa siku 14, na alipozidi kunyamaza nikaenda Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000.

Hati ya madai ni fomu fupi inayouliza nani anamdai nani, kiasi gani na kwa sababu ipi. Niliijaza kwa Kiswahili, mojawapo ya lugha za mahakama hiyo, kisha nikaiwasilisha kwenye efiling.court.go.ke pamoja na hati za kupokelea mzigo na nakala za ujumbe wa simu. Mfumo wenyewe ulikokotoa ada kulingana na kiasi nilichodai, nikalipa kwa simu. Gharama ambayo sikuitarajia ni ya mtu wa kumfikishia mdaiwa hati hizo: mara ya kwanza alikuta duka limehamishwa, na kwa kuwa kesi haiendelei bila hati ya kiapo inayothibitisha kwamba mdaiwa amepata taarifa, nililazimika kulipia safari ya pili. Hakikisha anwani kabla ya kufungua kesi.

Mdaiwa alijibu kwamba alipokea magunia 32 tu. Siku ya kusikilizwa hapakuwa na kizimba wala mabishano marefu ya kisheria, kwani mahakama hii haifungwi na kanuni kali za ushahidi. Mwamuzi alituuliza kwanza kama tunaweza kupatana, na tuliposhindwa akataka kujua ni nani aliyetia saini hati ya pili ya kupokelea mzigo. Ilikuwa saini ya kijana wa dukani, ambaye mdaiwa alidai kwamba hakuwa na ruhusa ya kupokea mzigo. Kilichoniokoa ni ujumbe wa mdaiwa mwenyewe, wa siku mbili baada ya mzigo kufika, ulioandika: "Zote 40 zimefika, nitalipa mwisho wa mwezi." Bila ujumbe huo, sidhani kama ningepata zaidi ya magunia 32.

Sheria inataka kesi imalizike ndani ya siku 60 tangu kuwasilishwa. Yangu ilichukua 71 kwa sababu ya kuahirishwa mara moja. Niliamriwa kulipwa deni lote pamoja na gharama, na mdaiwa angeweza kukata rufaa Mahakama Kuu kwa hoja za kisheria pekee. Hata hivyo, hukumu si pesa mkononi. Mwezi mzima ulipita kimya, na ni nilipoanza kuomba hati ya kukamata mali ndipo alipokuja kuomba alipe kwa awamu tatu. Nilikubali, lakini safari hii tuliandikishana.