Nimenunua templeti ya duka ya Flutter, picha inapaa kidogo tu halafu inageuka weupe

Jamani kabla hujalipa soma hii kwanza. Siku si nyingi nilinunua templeti ya apu ya duka kwa ajili ya mama mmoja anayeuza kanga Kariakoo, na kilichonivutia ni kile kipande cha video cha muuzaji: unagusa kanga kwenye orodha, picha yake inainuka, inakua, inaenda kukaa juu ya ukurasa wa bidhaa kama vile ni kitambaa kilekile umekishika. Tamu kweli. Nikalipa hapohapo.

Nimeiweka kwenye simu ya kawaida, zile ambazo wateja wa mama wanazo, skrini ya pikseli 720. Nikagusa kanga. Picha ikaanza kupaa, ikageuka boksi jeupe, skrini ikakwama, halafu picha ikajitokeza ghafla ikiwa imeshafika. Mama akaniuliza, "Mwanangu, mbona inapepesa?" Sikuwa na jibu, nikamwandikia muuzaji kwa adabu kabisa na video nikamtumia. Riplai yake: "Boss hiyo simu yako ni ya zamani, badilisha simu." Basi. Hata salamu hakuna.

Hiyo ndiyo iliyonipandisha, kwa sababu si kweli, na mtu anayeuza kitu hiki anatakiwa ajue si kweli. Skrini ya hezi 60 inaipa kila fremu milisekunde 16 na kidogo. Simu mpya ya hezi 120 inakupa 8.3, yaani muda unapungua! Simu ya bei ina prosesa kali, sawa, lakini kosa lenyewe utakuwa umelificha tu.

Kwa hiyo nikakaa nayo usiku. Kitu cha kwanza, usipime kwa modi ya debugi, ile ni nzito kwa asili yake na itakudanganya. Chomeka simu halisi, washa kwa `flutter run --profile`, kisha bonyeza `P` kubwa kwenye teminali, zinatokea grafu mbili juu ya apu. Ya juu ni Raster, kazi ya kuchora, ya chini ni UI, kazi ya kujenga wijeti. Mstari ukiwa mwekundu ujue fremu hiyo imechelewa. Kwangu UI ilikuwa shwari, Raster ndiyo ilikuwa nyekundu mfululizo.

Halafu nikapunguza kasi ya animesheni zote kwa kuweka `timeDilation = 5.0`. Safari ya templeti hii ni milisekunde 300, kama fremu 18 hivi, sasa ikawa sekunde moja na nusu. Weupe ukaonekana mwanzoni tu, halafu picha ikaingia na safari iliyobaki ikaenda na picha yake. Hapo nikajua kupaa kwenyewe hakuna shida, ni picha inachelewa kufika.

Nikafungua msimbo na kweli. Kwenye orodha wanatumia linki ya picha ndogo, kwenye ukurasa wa bidhaa wanatumia linki nyingine ya picha kubwa kama ilivyotoka kwenye kamera. `Hero` inaunganisha vitu viwili kwa `tag`, na tag zilikuwa sawa, ndiyo maana kunapaa. Lakini wakati wa kwenda, kinachopaa siyo picha ya orodha, ni mtoto wa Hero ya ukurasa unaokwenda, na huyo picha yake ndio kwanza inaanza kushushwa kutoka intaneti. Lazima iwe nyeupe, hata ukiwa na simu ya milioni ngapi!

Na hiyo picha kubwa ni balaa jingine. Ya pikseli 4000 kwa 3000 ikishafunguliwa kwenye memori kila pikseli inakula baiti 4, kwa hiyo ni MB 48, picha moja. Kashe ya picha ya Flutter kwa kawaida ni MB 100. Mteja akifungua kanga tatu tu, ya kwanza imeshatupwa na picha za orodha zinatupwa nayo, akirudi nyuma kunapepesa tena, na kwa kuwa `Image.network` haihifadhi faili kwenye diski, zinashushwa upya. Bando la mteja hilo linaliwa! Mtu amejiunga kwa jero aangalie kanga, wewe unamshushia picha ileile mara mbili mbili.

Dawa yenyewe ni fupi hadi inauma. Pande zote mbili, orodha na ukurasa, tumia linki moja ya picha ya saizi ya kati na `cacheWidth` ileile, kwa sababu ukibadilisha namba hiyo kashe inaihesabu kama picha nyingine:

```dart
Image.network(
  bidhaa.pichaKati,
  cacheWidth: 720,
  fit: BoxFit.cover,
)
```

Picha ikiwa tayari kwenye kashe inachorwa fremu ya kwanza kabisa, weupe hakuna. Ile kubwa ya kukuza nyuzi za kanga isubiri safari iishe, ndipo iwekwe juu ya hii ndani ya `Stack`, humohumo kwenye Hero. Mimi nimesajili hii mara moja ndani ya `didChangeDependencies`:

```dart
ModalRoute.of(context)!.animation!.addStatusListener((s) {
  if (s == AnimationStatus.completed && mounted) {
    setState(() => onyeshaKubwa = true);
  }
});
```

Kurudi nyuma hakusumbui, maana hapo kinachopaa ni mtoto wa Hero ya orodha, asiye na ile picha kubwa.

Weupe ukaisha lakini Raster bado ikawa inapiga wekundu, na hapa ndipo nilipokasirika upya. Nyuma ya picha inayopaa wameweka `BackdropFilter` ya skrini nzima, blari inayoongezeka kidogo kidogo mpaka safari iishe. Yaani kila fremu simu inachukua skrini yote, inaisugua upya, kisha ndiyo ichore kanga juu yake. Kwa urembo ambao mteja anauona theluthi ya sekunde! Nimeitoa, nimeweka rangi tupu inayofifia, grafu ikatulia palepale. Simu ileile ya "zamani". Mama ameigusa kanga baada ya kanga, hakuna iliyopepesa.

Sasa nyota. Nilitaka kutoa moja. Ila haki yao niwape, mpangilio wa kurasa ni mzuri, kapu limefikiriwa, na jina la bidhaa linalopaa wamelifunika kwa `Material` ya uwazi, wengi wanasahau hapo na maandishi yanageuka mekundu yenye mistari ya njano chini yake yakiwa hewani. Kwa hiyo aliyeandika anaijua kazi, nikasema basi tatu. Developa ukijua kurekebisha haya niliyoandika inunue, itakuokolea muda.

Halafu nikamtumia muuzaji marekebisho yote, bure, mistari kwa mistari, wanunuzi wengine wasiteseke. Amesoma. Hajajibu, na video ya tangazo bado ipo na maneno "laini kwenye simu zote". Moja. Nabaki na moja, na hela yangu naidai.