Nyanya za jumla kutoka shambani hadi mjini Kigoma: kreti, ndoo, tenga au kiroba?

"Mzigo mpya upo. Oda za jumla zinapokelewa, tunaleta mpaka mlangoni. Karibuni sana." Juu ya maneno hayo kuna picha ya tenga la nyanya nyekundu zinazong'aa. Mwenye genge Mwanga anaiona, mama lishe wa Ujiji anaiona, na wote wawili wanauliza swali moja: tenga bei gani? Swali hilo linamfaa zaidi muuzaji, maana tenga halina ukubwa mmoja. La huku linabeba kilo 35, la kule linabeba 45, na yote hujaa hadi juu kwenye picha.

Mpangilio ufuatao ni wa mtu anayechukua kilo 20 hadi 80 kwa wiki kutoka kwa mkulima wa Kasulu, Buhigwe au mabonde ya karibu na mji. Tumeupanga kwa kitu kimoja tu: kilo ngapi za nyanya nzima zinafika jikoni au gengeni kwa pesa uliyotoa, nauli ikiwemo.

Ya kwanza: kreti ya plastiki, inayouzwa kwa kilo

Kreti ya kawaida ya mboga inachukua kilo 20 hadi 25. Ubora wake uko kwenye kuta. Ukipanga kreti tatu, ya juu inakaa kwenye ukingo wa ya chini, kwa hiyo uzito unabebwa na plastiki, nyanya hazibebi kitu. Lakini faida hiyo inapotea mkulima akijaza kupita ukingo, kwa sababu kreti ya juu inakuja kukaa juu ya nyanya zenyewe. Mwambie aache nafasi ya vidole viwili chini ya ukingo. Matundu ya pembeni yanapitisha hewa, na ndani ni laini, hakuna msumari wala ncha ya ubao.

Shida yake ni kwamba kreti ni mali. Mkulima akiipeleka mjini isirudi, faida ya mzigo imekwenda nayo, ndiyo maana wengi wanaendelea na tenga. Njia inayofanya kazi ni mnunuzi kumiliki kreti zake mbili au tatu, zenye alama ya rangi, na kubadilishana: dereva anashusha zilizojaa, anaondoka na tupu. Kwa oda ya kwanza, kubali kuacha pesa ya dhamana ya kreti, irudishwe zikirudi. Tupu zioshwe kwa sabuni na zikauke juani kabla ya kurudi shambani, kwa kuwa maji ya nyanya iliyooza yakibaki kwenye kona yanaambukiza mzigo unaofuata.

Ya pili: ndoo ya lita 20

Ndoo inadharauliwa bila sababu. Nyanya za kujaa sawa na ukingo zina uzito wa kilo 12 hadi 13 hivi, na kwa kuwa kina chake ni kifupi kuliko tenga, za chini hazipondeki sana. Kila nyumba ina ndoo, kwa hiyo bishano la kurudisha chombo ni dogo. Bodaboda anaweza kuibeba bila shida.

Inapoharibika ni pale inapofunikwa mfuniko. Nyanya inatoa joto na unyevu hata baada ya kuchumwa; ukifunga, ndani kunakuwa na jasho, na baada ya saa chache vikonyo vinaanza ukungu. Ifunikwe kitambaa tu. Pia kubalianeni mapema kama bei ni ya ndoo iliyosawazishwa au iliyorundikwa juu ya ukingo, maana tofauti inafika kilo mbili.

Ya tatu: tenga

Tenga, liwe la mbao au la kusuka kwa fito, lina bei inayovutia zaidi ukiisikia kwenye simu. Ila ni refu, na nyanya za chini zinabeba zote za juu yake kwa safari nzima. Ukiongeza mashimo ya barabara ya vumbi, tabaka la chini linafika limepasuka, na maji yake yanaanza kuozesha tabaka la pili. Nyasi zinazowekwa chini na pembeni zinasaidia kupunguza mikwaruzo, lakini pia zinachukua nafasi ambayo wewe umeilipia.

Tenga linafaa hali moja: unapika zote siku hiyohiyo au kesho yake. Mwenye mgahawa anayetengeneza rojo la sherehe hana sababu ya kuogopa nyanya iliyopasuka asubuhi ya leo. Na tenga lililofungwa na lundo la lumbesa juu yake likatae. Mbali na kuwa kinyume cha sheria ya vipimo, zile nyanya za juu zilizokazwa kwa kamba ndizo za kwanza kuoza.

Ya nne: kiroba

Kiroba ni cha viazi na vitunguu. Nyanya ndani yake hazina ukuta wa kuzikinga, kila mkono unaoinua unaminya. Tumekiweka kwenye orodha kwa sababu bado kuna wanaokitumia wakati nyanya ni nyingi na bei imeshuka.

Hesabu yake

Chukua mfano huu, bei zikiwa za kufanyia hesabu tu. Mkulima anatoa tenga kwa shilingi 45,000, na usafiri ni 4,000. Ukitoa uzito wa tenga na nyasi, nyanya ni kilo 38. Kilo sita za chini zimepondeka, unabaki na 32. Umelipa 49,000, kwa hiyo kila kilo nzima imekugharimu karibu 1,530.

Mkulima mwingine anauza kwa kreti, kilo 1,150. Kreti mbili za kilo 22 ni kilo 44, sawa na 50,600, na usafiri uleule unafanya 54,600. Zikiharibika kilo mbili, unabaki na 42, na kila kilo ni 1,300. Kwa ndoo tatu za kilo 13 kwa 15,000 kila moja, pamoja na usafiri, unalipa 49,000. Ukipoteza kilo mbili, kilo inasimama kama 1,325. Kwa hiyo ndoo inaifuata kreti kwa karibu sana, na tenga lililoonekana la bei rahisi ndilo ghali.

Kusoma picha na maneno yake

Nyanya zenye matone ya maji zinapendeza kwenye picha, lakini nyanya iliyolowa haisafiri vizuri. Angalia vikonyo. Kikiwa kibichi na kimesimama, imechumwa leo au jana. Kikiwa kimesinyaa na kugeuka kahawia, ina siku kadhaa. Kisha omba picha mbili ambazo watu hawaziweki: moja ya chombo kikiwa juu ya mzani, nyingine ya nyanya tatu zilizokatwa katikati. Ukiona njia nyembamba nyeusi ndani, hasa karibu na kikonyo, huyo ni mdudu kantangaze, na tundu lake nje linaweza kuwa dogo kama la sindano. Kitako cheusi kilichobonyea kinaonekana kwa macho. Hutokea mmea unapokosa kalsiamu kwa sababu ya kumwagiliwa leo na kuachwa siku nyingi. Nyufa za kuzunguka kikonyo ni za mvua iliyonyesha ghafla baada ya ukavu, kwa hiyo zitegemee zaidi mvua zinapoanza. Nyanya yenye ufa haikai, hata ikiwa ngumu.

Madoa meupe kama unga mara nyingi ni dawa ya ukungu. Muulize amepuliza lini mara ya mwisho na dawa gani. Kibandiko cha dawa kinataja siku za kusubiri kabla ya kuvuna, na mkulima makini anazijua bila kwenda kutafuta chupa.

Maneno mazuri chini ya picha yanajibu maswali haya kabla hujauliza. Kwa mfano:

"Nyanya aina ya Tanya, zimechumwa leo alfajiri, Buhigwe. Zilizoanza kugeuka kreti 6, nyekundu kreti 4, kila kreti kilo 22 za mzani. Bei kwa kilo. Oda mwisho saa 12 jioni, mzigo unafika Mwanga na Ujiji kesho kabla ya saa 3 asubuhi. Kuanzia kreti 2 tunaleta mlangoni. Dhamana ya kreti inarudishwa."

Ukikuta tangazo la namna hii, hata bei ikiwa juu kidogo, anza na huyo. Aina ya nyanya si pambo: Tanya na Tengeru 97 zina ganda gumu linalovumilia safari, wakati aina laini zinafaa kuuzwa karibu na shamba.

Rangi, na joto la mjini

Mkulima wa Buhigwe akikwambia zitakaa wiki, hadanganyi. Anazungumzia baridi ya milimani kwake. Mji wa Kigoma uko chini, kando ya ziwa, na joto lake linaivisha haraka. Kwa genge linalouza siku nne au tano, agiza theluthi mbili zilizoanza kugeuka rangi na theluthi moja nyekundu. Mama lishe anayenunua kwa siku mbili achukue nyekundu ngumu zote. Za kijani kabisa usizichukue: zikichumwa kabla hazijakomaa zinageuka rangi lakini hazipati ladha, na nyingine zinasinyaa tu. Zikifika zitandaze kivulini, mbali na bati, na zilizoanza kugeuka usiziweke kwenye friji.

Kuagiza na kupokea

Andika oda kwa ujumbe, isiishie kwenye simu: "Habari za shamba kaka. Naomba kreti 2, moja nyekundu, moja zilizoanza kugeuka, kilo 22 kila moja. Vikonyo vitolewe, ila viachwe kwenye chache za juu. Zifike Mwanga kesho kabla ya saa 3." Vikonyo tunataka viachwe kwenye nyanya chache za juu tu, za kuonyesha upya, vikibaki kwenye zote vinatoboa jirani zao njiani. Kianzio cha nusu kinatosha. Anayedai yote kabla mzigo haujapakiwa, na hajawahi kukuletea, mwombe picha mpya yenye karatasi ya tarehe ya leo juu ya nyanya.

Mzigo ukifika, pima kwanza kabla dereva hajaondoka, kisha ingiza mkono mpaka chini utoe nyanya tano. Zikiwa zimelowa au zina harufu ya kuchachuka, mwaga chombo chote kwenye turubai mbele yake, weka kando zilizoharibika, zipige picha zikiwa kwenye mzani na umtumie mkulima papo hapo. Kilo hizo zikatwe kwenye nusu iliyobaki. Ukisubiri mpaka jioni, hakuna atakayejua zimeharibikia njiani au kwako.