ExifTool: nilichokikuta ndani ya picha iliyokwisha kukatwa

Nimekuwa nikitumia ExifTool kukagua picha kabla ya kuzituma, na naipendekeza kwa yeyote anayeuza vitu mtandaoni. Ni programu ya bure ya kusoma na kufuta taarifa zilizojificha ndani ya faili la picha, iliyoandikwa na Phil Harvey, na huendeshwa kwa kuandika amri.

Watu wengi wanajua kwamba simu huweza kuandika mahali picha ilipopigwa. Kilichonishtua mimi ni kijipicha. Kamera nyingi huficha ndani ya faili la JPEG nakala ndogo ya picha, mara nyingi ya pikseli 160 kwa 120, ili orodha ya picha ifunguke upesi. Ukiikata picha, baadhi ya programu za kuhariri hukata ile kubwa tu na kuiacha nakala ndogo kama ilivyokuwa.

Nilikuwa nauza pikipiki. Pembeni ya picha alisimama mtoto wa jirani mbele ya geti letu, nikamkata akatoka. Kabla ya kuiweka kwenye tangazo nilikitoa kijipicha:

```
exiftool -b -ThumbnailImage -w %f_ndogo.jpg picha.jpg
```

Likatokea faili picha_ndogo.jpg: mtoto yumo, geti limo. Ni ndogo, lakini anayemfahamu angemtambua. Dalili ni umbo: picha kubwa ilikuwa karibu mraba, kijipicha bado kilikuwa kirefu kwa upana. Humohumo kwenye faili zilikuwemo latitudo na longitudo za nyumbani, na jina la programu niliyohariria. Kuona yote yaliyomo:

```
exiftool -a -G1 -s picha.jpg
```

Kusafisha ndiko kunakotaka uangalifu. Ukifuta kila kitu kwa `-all=` peke yake, unaondoa pia alama ya mwelekeo, na picha ya wima inaweza kulala ubavu. Wasifu wa rangi nao ukipotea, rangi hubadilika kwenye baadhi ya skrini. Mimi hufuta yote kisha nikavirudisha hivyo viwili:

```
exiftool -all= -tagsfromfile @ -orientation -icc_profile picha.jpg
```

Ikimaliza, huacha faili la zamani pembeni likiitwa picha.jpg_original. Ni kinga nzuri, ila ukituma folda nzima unatuma na lile chafu, basi liondoe kwanza.

WhatsApp huondoa mahali na kijipicha ukituma kama picha ya kawaida. Ukituma kama dokumenti, ili ubora usipungue, faili hufika na kila kilichomo. Mafundi na madalali hutumia sana njia hiyo ya pili, na hapo ndipo ExifTool inaponifaa zaidi.

Udhaifu wake ni kwamba haina vitufe vya kubofya, kwa hiyo asiyezoea kuandika amri atahitaji mtu wa kumwelekeza mwanzoni. Tena haigusi kinachoonekana kwenye picha yenyewe. Namba ya pikipiki nililazimika kuifunika kwa rangi nzito, kwenye programu ya kuhariri, kabla ya kusafisha faili.