Nilivyofunga akaunti ya king'amuzi Tanga kabla ya kuhamia Maskati: uzoefu wangu

Tanga wengi tunaamini king'amuzi cha kulipia hakihitaji kufungwa. Ni malipo ya kabla, usipolipa picha inakatika, yameisha. Hata kijana wa kwa wakala Ngamiani aliniambia hivyohivyo: "Dada, wewe safiri tu, itajifunga yenyewe." Kwa kifurushi alikuwa sahihi, kwa sababu mwezi ukiisha kifurushi kinazima bila kuombwa. Akaunti ni jambo jingine. Inabaki na jina langu, namba yangu ya simu na salio langu, na kwetu Makorora ilikuwa na ving'amuzi viwili, kimoja sebuleni na kingine chumbani kwa mama. Hayo yote hayajifungi, na ndiyo ninayotaka kuyaeleza hapa. Jina la kampuni naliacha. Ni moja ya zile za dishi, na nilivyoelewa baadaye utaratibu haupishani sana kutoka kampuni moja hadi nyingine.

Mimi nilikuwa nakwenda Maskati kikazi, mama anahamia Pangani kwa mdogo wangu, na nyumba tunairudisha kwa mwenyewe. King'amuzi cha sebuleni tulikubaliana nimuuzie jirani yetu, mwalimu, pamoja na dishi lake. Cha chumbani aende nacho mama.

Nianze na hicho cha mama, kwa sababu ndicho kilichotuhangaisha zaidi. Ukiwa na ving'amuzi viwili kwenye akaunti moja, kimoja kinakuwa kikuu na cha pili kinakitegemea. Kifurushi unalipia kimoja, halafu unaongeza ada ndogo ya cha pili. Ni nafuu mkiwa nyumba moja. Tatizo ni kwamba hicho cha pili hakiwezi kuishi peke yake. Ukimuuzia mtu kile kikuu, au ukikipeleka cha pili mji mwingine, kinakuandikia kwenye runinga kwamba hakikioni kikuu chake, na hapo hata ulipe vipi hakifunguki. Lazima vitenganishwe kwanza na cha pili kifunguliwe akaunti yake.

Nilikwenda kwa wakala na kadi zote mbili na kitambulisho changu cha NIDA, mdogo wangu akaja na chake kwa kuwa akaunti mpya ingekuwa kwa jina lake. Kijana akaingiza namba za kadi, akasema tayari, tukashukuru. King'amuzi wakati huo kilikuwa kwenye boksi, kimeshafungwa kwa safari. Hakuna aliyetuambia kiwashwe. Kufika Pangani fundi akafunga dishi, picha ya matangazo ya kampuni ikaja safi kabisa, lakini kila chaneli ya kulipia inaleta ujumbe uleule wa kutafuta king'amuzi kikuu. Mdogo wangu akalipia kifurushi akidhani ndiyo dawa. Wapi.

Sababu yake niliipata nilipopiga huduma kwa wateja na kuulizia hadi mwisho. Amri ya kufungua au kubadilisha kadi haipiti kwenye simu wala kwa wakala. Inarushwa kutoka setilaiti, ikiwa na namba ya kadi yako, na inarudiwarudiwa kwa muda fulani tu. King'amuzi kikiwa kimewashwa na dishi limekamata, kinaisikia na kujibadilisha. Kikiwa kwenye boksi hakisikii chochote, na kikija kuwashwa baadaye bado kinaamini kiko palepale kwenye akaunti ya zamani. Kwenye kompyuta ya kampuni kila kitu kinaonekana sawa, ndiyo maana mhudumu wa kwanza alikuwa akimng'ang'ania mdogo wangu kwamba "kwetu iko wazi". Dawa yake ni ndogo: washa, weka chaneli yoyote ya kwenye kifurushi ulicholipia, usibadilishe, halafu waombe waitume amri upya. Haikufika nusu saa mama akawa na tamthilia zake. Wakala alipaswa kutuambia hilo palepale kaunta, na kwa hapo nasema waziwazi walituangusha, kwa sababu fundi wa Pangani alishaanza kutudai hela ya kulirekebisha dishi ambalo halikuwa na kosa.

Na hapa niseme la dishi kwa wanaohama mji. Ingia kwenye ukurasa wa mawimbi wa king'amuzi chako, utaona mistari miwili, wa nguvu na wa ubora. Ule wa nguvu unaweza kupanda vizuri hata dishi likiwa limeelekea pasipo, kwa sababu kichwa cha dishi kinapata umeme na kinaleta mvumo wowote. Ubora ndio unaosema ukweli. Ubora ukiwa sifuri, dishi halijaikamata setilaiti yako. Ubora ukiwa juu na bado chaneli haifunguki, basi tatizo ni kadi au akaunti, na fundi hana la kukusaidia. Kutoka Tanga kwenda Pangani uelekeo karibu ni uleule, ila nguzo ni mpya kwa hiyo linapimwa upya. Ukihamia mbali kama Mwanza, uelekeo na ule mkao wa kichwa vyote vinabadilika kidogo, lakini akaunti yako ni ileile, unabadilisha anwani tu. Wenye ving'amuzi vya antena hali yao ni tofauti. Wao wanategemea mnara wa mjini, kwa hiyo waulize kwanza kama kampuni yao ina mnara wanakohamia. Faida yao ni kwamba hata malipo yakiisha wanabaki na chaneli za bure za ndani kama TBC1 na ITV.

Sasa pesa. Sisi tulikuwa tunalipa shilingi 28,000 kwa mwezi, kifurushi pamoja na ada ya king'amuzi cha pili. Kwenye simu tulizoea kutuma 30,000, ile 2,000 inabaki kwenye akaunti. Ilishajikusanya miezi saba, ikawa 14,000. Nilipouliza kama nitarudishiwa, mhudumu akajibu kwa upole, "Pole dada, salio halirudi taslimu, linalipia huduma tu." Kifurushi kilikuwa kinaisha tarehe 9 na ndege yangu tarehe 24. Kulipia mwezi mzima kwa siku hizo kungekuwa kumtajirisha mtu bure. Lakini kuliacha salio likae vilevile ni hasara, kwa sababu mfumo ukifika tarehe 9 unatafuta 28,000, unakuta 14,000, unakata picha na pesa inabaki imelala humo.

Nilichofanya ni kuomba wanishushe kwenye kifurushi cha chini cha 13,000. Ombi hilo lazima litangulie tarehe ya kuisha, kwa sababu kushuka hakufanyiki katikati ya mwezi. Kunasubiri kilichopo kimalizike. Na lazima king'amuzi cha pili kiwe kimeshatenganishwa, la sivyo ada yake inadaiwa pia na 14,000 haitoshi. Sisi tulikuwa tumeshatenganisha, kwa hiyo usiku wa tarehe 9 kifurushi kidogo kikafunguka chenyewe kwa kutumia salio. Kikabaki 1,000, hiyo nikaisamehe. Mpira wa Ulaya ulikosekana, lakini habari tuliangalia mpaka mwisho, na siku zilizobaki za mwezi huo zikamnufaisha mwalimu.

Kumhamishia mwalimu umiliki ndilo jambo ambalo watu wengi hapa mjini wanalipuuza. Unamwachia mtu king'amuzi, analipia kwa namba ya kadi, picha inakuja, kila mtu anafurahi. Ni kweli kulipia hakuhitaji jina. Shida inakuja siku kadi imeharibika au imefungwa, akapiga simu akaulizwa jina la mwenye akaunti na namba ya simu iliyosajiliwa. Mimi nitakuwa Maskati, na laini yangu ya Tanzania ikikaa muda mrefu bila kutumika itafungwa na namba atapewa mtu mwingine. Hapo mwalimu anabaki na kifaa alichokinunua kwa hela yake lakini hawezi kukithibitisha ni chake. Na ujumbe wowote wa namba ya siri wa akaunti unakwenda kwa mtu tusiyemjua.

Kwetu walitaka tuwepo wote wawili na vitambulisho, namba ya kadi, na akaunti isiwe na deni. Mwalimu akaandikishwa kwa jina lake na namba yake. Mimi nikaomba nitumiwe uthibitisho wa maandishi wenye namba ya kumbukumbu, wakasita kidogo, nikawaambia siondoki bila huo, wakautuma. Siku hiyohiyo nilifuta pia akaunti yangu kwenye programu ya simu ya kuangalizia, maana nayo ilikuwa inasoma kadi ileile. Mwenye kulipia kwa maagizo ya benki aende benki mwenyewe akayasimamishe. Kampuni ya king'amuzi haiwezi kuyazuia kwa niaba yake.

Nimeulizwa na ndugu kwa nini sikukibeba. Oman haimo kwenye eneo ambalo kampuni imeruhusiwa kuuza, na haki za kuonyesha mpira na filamu hununuliwa kwa nchi. Najua kuna watu wa Tanga waliovusha ving'amuzi Horohoro mpaka Lunga Lunga na Mombasa, na vinashika, kwa sababu setilaiti haijui mpaka. Lakini akaunti inabaki ya Tanzania, na kampuni ikigundua inaweza kuifunga na huna pa kulalamikia.

Kwa ujumla huduma ya simu ya kampuni hii naipa alama nzuri, wahudumu wana adabu na wanasikiliza. Mawakala wao ndio wanahitaji kufundishwa. Ukikwama, lalamika kwanza kwa kampuni yenyewe kwa maandishi na utunze ile namba ya kumbukumbu, ndipo upeleke TCRA, kwa kuwa TCRA watakuuliza kwanza kama mtoa huduma ameshapewa nafasi ya kulishughulikia.

Na ukitaka kujua kama umiliki umehama kweli, subiri malipo ya kwanza ya mmiliki mpya wa kadi. Mwalimu alipolipia mwezi uliofuata, ujumbe wa kupokelewa malipo uliingia kwenye simu yake. Kwangu haukuja.