Uzoefu wangu na skrini pana ya kompyuta mbili: "Inawaka hiyo, dada"

Naandika nikiwa bado na hasira, na sitaki zipoe kabla sijamaliza.

Kazi yangu ni kuandika maandishi ya chini ya filamu. Mteja wangu mkubwa hatoi video zake nje. Alinipa laptopu yake, video zimo humo, na imefungwa kiasi kwamba siwezi kuweka programu wala kubadilisha chochote kikubwa. Maandishi nayaandika kwenye kompyuta yangu ya mezani, yenye kamusi zangu na orodha zangu za majina. Kwa miaka nimekuwa nikigeuza shingo kutoka laptopu ndogo ya kushoto kwenda skrini ya kulia, mamia ya mara kwa siku. Mwaka jana, mfungo ulipokuwa unakaribia, shingo ilikataa kabisa, nikaamua kununua skrini pana ya inchi 34 yenye uwezo wa kugawanyika katikati, kompyuta moja ikae nusu hii na nyingine nusu ile. Kwenye menyu ya skrini jambo hilo huandikwa `PBP`.

Kabla sijalipa pale Kariakoo nilimuuliza muuzaji swali moja tu: je, nikichomeka kompyuta mbili, zitaonekana zote kwa pamoja? Akasema ndiyo, bila wasiwasi. Nikalipa.

Nyumbani nikachomeka laptopu kwenye tundu la USB-C, kompyuta ya mezani kwenye HDMI, nikaingia kwenye menyu, nikawasha `PBP`. Zikatokea zote mbili kando kwa kando. Kwa dakika moja nilifurahi kama mtoto. Kisha nikafungua video. Mwigizaji alikuwa na uso mwembamba kama jani la mwembe, shingo kama ya twiga. Upande wa pili herufi zangu zilikuwa zimesimama wima, nyembamba, na kingo zake zina ukungu. Baada ya saa moja macho yalikuwa yanachuruzika.

Nikaipakia kwenye boksi lake, nikaita bajaji, nikarudi dukani na risiti mkononi.

Na hapa ndipo hasira yangu ilipozaliwa. Yule kaka hakuniuliza nini kimeharibika. Alichomoa waya kwenye kompyuta yake ya kaunta, akaichomeka skrini yangu, ikajaa picha ya bahari kutoka ukingo hadi ukingo. Akaniangalia akasema, "Inawaka hiyo, dada. Unaona mwenyewe." Nikamwambia siku zote naona inawaka, tatizo ni ikigawanywa kwa kompyuta mbili. Akasema kompyuta ya pili hana muda wa kuitafuta. Nikamwomba tutumie laptopu ya mwenzake aliyekaa pale pale. Akageukia mteja mwingine, na bila kunitazama akasema, "Hizi ni skrini za vijana wa gemu. Ungesema unataka ya kuandikia ningekupa nyingine." Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nimesema ni ya kompyuta mbili! Nilisema kabla ya kutoa pesa!

Nikarudi na skrini yangu na azma ya kuandika kwamba mtu yeyote asinunue kitu hiki.

Aliyeniokoa ni mdogo wangu wa kiume, fundi wa mitandao, yuko Dodoma. Nilimpigia simu usiku nikimlalamikia, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Dada, waya wa laptopu uliuchomeka kabla ya kuwasha PBP au baada?" Nikasema kabla. Akasema, "Sawa. Sasa chora duara pande zote mbili, upime kwa rula."

Nilidhani ananichezea. Nikachora. Kushoto, kwenye laptopu, duara lilikuwa yai lenye urefu mara mbili kamili ya upana. Kulia, kwenye kompyuta ya mezani, yai lilikuwa na urefu wa takriban mara moja na nusu. Nilipomsomea vipimo akajibu papo hapo kwamba hayo ni makosa mawili tofauti, hata kama ugonjwa unafanana kwa macho.

Alichonieleza ndicho ambacho duka zima lile halikujua. Skrini yangu nzima ina nukta 3440 kwa upana na 1440 kwa urefu. Ikigawanywa, kila nusu inabaki na upana wa nukta 1720, urefu ule ule. Lakini kompyuta haioni kwamba skrini imegawanywa. Inachojua ni taarifa ambayo skrini huitumia pale waya unapochomekwa, taarifa inayoitwa EDID, yenye orodha ya vipimo ambavyo skrini inavikubali. Laptopu ilisoma orodha hiyo wakati skrini bado ni nzima, ikaendelea kutuma picha ya nukta 3440. Skrini ikaibana picha hiyo yote ndani ya nusu: upana ukapungua mara mbili, urefu ukabaki. Ndiyo maana yai likawa mara mbili kamili. Kompyuta ya mezani nayo ilikuwa inatuma 1920 kwa 1080, kipimo cha kawaida cha televisheni. Ukikisukuma kijae kwenye 1720 kwa 1440, upana unabanwa kidogo na urefu unavutwa kwa theluthi, unapata yai la moja na nusu. Kwa hiyo rula peke yake inakwambia kila kompyuta inatuma picha ya umbo gani.

Dawa ya laptopu ilikuwa kuchomoa waya wa USB-C huku `PBP` ikiwa imewashwa, kungoja kidogo, na kuurudisha. Nikafungua `Settings`, `System`, `Display`, na kwenye `Display resolution` pakawa pameandikwa `1720 x 1440 (Recommended)`. Uso wa mwigizaji ukarudi kuwa uso wa binadamu. Nilikaa nikiutazama. Siku tatu za mateso, bajaji mara mbili, kuchekwa mbele ya watu, na dawa yake ni kuchomoa na kuchomeka waya!

Upande wa kompyuta ya mezani haukukubali hivyo. Nilichomoa na kuchomeka mara nyingi, orodha ya HDMI haikuonyesha 1720 hata mara moja. Mdogo wangu alisema kila tundu la skrini lina taarifa yake, na hii ya HDMI kwenye skrini yangu haibadiliki ikigawanywa. Hilo ni kosa la waliotengeneza skrini, wala silisamehe. Kwa kuwa kompyuta hiyo ni yangu na inatumia Linux kwenye Xorg, alinituma niandike hivi:

```
xrandr --newmode $(cvt 1720 1440 60 | grep Modeline | cut -d' ' -f2- | tr -d '"')
xrandr --addmode HDMI-1 1720x1440_60.00
xrandr --output HDMI-1 --mode 1720x1440_60.00
```

Mstari wa kwanza unakokotoa kipimo kipya na kukisajili, wa pili unakipa tundu, wa tatu unakitumia. Jina `HDMI-1` linaweza kuwa tofauti kwako. Ukiandika `xrandr` peke yake utaliona. Ukizima kompyuta yote hayo yanapotea, kwa hiyo mistari hiyo nimeiweka kwenye faili la `~/.xprofile`. Lakini fikiria kama ile laptopu iliyofungwa ndiyo ingekuwa kwenye HDMI. Nisingeruhusiwa kuongeza kipimo chochote, na skrini ingekuwa haina faida kwangu. Kama una kompyuta ya kazini ambayo huna mamlaka nayo, ipe tundu linalotangaza kipimo sahihi lenyewe, na ile yako ndiyo uilazimishe.

Sasa niseme kweli, maana ni haki. Inapokaa sawa, ni raha. Kila nusu ina karibu sentimita 40 kwa 33, na video pana ikijaa upana wa nusu yake bado inabaki nafasi tupu juu na chini ambayo hainisumbui. Inaonekana kubwa kuliko ilivyowahi kuonekana kwenye laptopu. Maandishi yangu yako pembeni yake, kwa usawa ule ule wa macho. Shingo imepona. Wiki ya kwanza nilimaliza kazi mapema na nilitaka kufuta kila baya nililoandika.

Sauti nayo ilinitesa siku moja: skrini inatoa sauti ya kompyuta moja tu, na ilikuwa imechagua ile ya mezani, nikawa natazama filamu bubu. Kwenye menyu kuna `Audio Source`. Nikaielekeza kwenye USB-C, basi. Na mtu asitegemee kibodi moja itavuka kutoka nusu hadi nusu kwa sababu tu ya `PBP`. Picha ndizo zinazokaa pamoja. Kompyuta zenyewe hazijuani. Mimi nina kibodi mbili, na nimezoea.

Kinachonirudisha kwenye hasira ni usingizi wa laptopu. Nikienda kula, laptopu inalala, nusu yake inakuwa nyeusi, sawa. Ikiamka, mara nyingine madirisha yote yamekimbilia kwenye kioo chake kidogo, na mara nyingine imerudi kutuma 3440 na nyuso zimekuwa mayai tena. Nachomoa, nangoja, nachomeka, napanga madirisha upya. Ikitokea mara tatu kwa siku ya kukabidhi kazi, natamani kuirudisha Kariakoo na kuiweka juu ya kaunta ya yule kaka. Sasa naichomeka laptopu kwenye chaji na nimeiomba ofisi ya mteja iondoe kulala. Walikubali baada ya barua pepe nne.

Nilianza nikisema mtu asinunue. Siwezi kusema hivyo tena, kwa sababu naandika haya kwenye nusu ya kulia na video iko nusu ya kushoto, na sitaki kurudi kulikokuwa. Lakini duka lile silirudii. Ukienda kununua, beba kompyuta zako zote mbili na waya zako. Washa `PBP` kwanza, ndipo uchomeke. Chora duara pande zote. Likitoka yai na muuzaji akakwambia inawaka, usitoe pesa.