Seva za bure zinazolala: uchague ipi kama programu yako ina ratiba

Jumatatu mbili mfululizo ujumbe wa likelemba yetu ya Katuba, mchango wetu wa kupokezana, haukutoka. Nilikuwa nimeweka ratiba kwa `node-cron` itaje saa kumi na mbili asubuhi jina la mama anayepokea wiki hiyo. Mama mwenyewe alingoja mpaka jioni, na lawama zikaniangukia mimi.

Kwenye logi hakukuwa na kosa lolote. Seva ile, simtaji mwenyewe, huzima programu ikikaa nusu saa bila mgeni. Mgeni wa mwisho aliingia Jumapili saa tatu na dakika arobaini usiku, basi saa nne na dakika kumi ilikuwa imezimwa, pamoja na saa ya `node-cron` iliyo ndani yake. Asubuhi mtu alipofungua ukurasa, programu iliamka na kuanza kungoja Jumatatu nyingine, maana haifidii iliyopita. Nami kila nilipokwenda kukagua, niliiamsha mwenyewe nikaona mambo safi!

Kwa hiyo kabla ya kuchagua, weka ratiba ya saa mbili zijazo, funga kila kitu, usiguse ukurasa. Kisha soma logi: ukikuta mstari wa kuwaka tu, bila mstari wa kazi, imelala.

1. Cloudflare Workers. Hii naipendelea wazi. Saa haimo ndani ya programu yako, wao ndio wanaoiita kazi ikifika wakati wake, hata kwenye mpango wa bure.

```
[triggers]
crons = ["0 4 * * MON"]
```

Hiyo 4 ni UTC. Kwetu Lubumbashi ni saa kumi na mbili. Andika `MON`, kwani kwao 1 ni Jumapili. Mpango wa bure unakupa milisekunde 10 tu za kichakataji kwa kila mwito, ila muda wa kungoja jibu la mtandao hauhesabiwi, hivyo kutuma ujumbe kunatosha.

2. GitHub Actions. Nzuri kwa kazi isiyo na haraka. Ratiba zake huchelewa, hasa mwanzoni mwa saa, kwa hiyo weka dakika ya 17 badala ya 0. Na hazina ya msimbo iliyo wazi kwa wote ikikaa siku 60 bila shughuli, ratiba inazimwa.

3. Kuigongea programu mlango kila dakika 10. Seva ya bure ya Render huilaza programu baada ya dakika 15 bila mgeni, basi mbinu hii inafanya kazi. Lakini wanatoa saa 750 kwa mwezi, na mwezi wa siku 31 una saa 744. Programu ya pili haina nafasi.

Kulipia seva isiyolala ndiyo njia fupi, najua. Ila wanataka kadi ya Visa, wakati pesa zetu ziko kwenye simu. Aliyeniuzia kadi ya mtandaoni hapa mjini alikata dola 3 juu ya 10 nilizoweka, na kadi ikakataliwa. Nilipomrudia akaniambia nijaribu tena kesho, na nikitaka nyingine, ni dola 3 tena.